Mtoto Asiyevumilia Nguo: Tumchagulie Kitambaa na Mshono Gani?



Mwezi wa Julai mwaka 2022 nilikuwa Uroa, kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani kilicho mwambao wa mashariki wa kisiwa cha Unguja. Tulikwenda wauguzi watatu kupima uzito wa watoto na kuzungumza na kina mama. Bahari ilikuwa imekupwa, na kina mama wengi walikuwa bado mbali huko kwenye mwani wao. Mmoja aliyewahi kurudi, kanga yake ikiwa bado inachuruzika maji ya chumvi, alinivuta pembeni akasema, "Mama nesi, mimi sikuja kwa habari ya uzito. Mwanangu anachana nguo za skuli."

Binti yake alikuwa na umri wa miaka 9. Kila asubuhi alipovishwa sare, yaani blauzi nyeupe, sketi ya buluu na ushungi mweupe, alianza kulia, akapandisha mabega mpaka masikioni, na kabla hajafika skuli ushungi ulikuwa mkononi. Blauzi mbili alikwisha kuzipasua shingoni. Majirani walisema ana jini. Baba yake alisema ni ukaidi, na dawa ya ukaidi ni bakora. Mama mwenyewe alikuwa amechoka, akawa amekata shauri amtoe skuli aje kumsaidia baharini, kwa sababu baharini alivaa kanga kuukuu ya bibi yake kutwa nzima bila kulalamika.

Nataka nikiri kwamba siku ile sikumsaidia. Nilimwangalia shingo, nikaona mikwaruzo ya kucha na vipele vichache vya joto, nikampa losheni ya kalamini na maneno mawili juu ya usafi. Niliporudi baada ya wiki tatu chupa ilikuwa imekwisha na mtoto alikuwa hajaenda skuli hata siku moja. Bibi yake, mtu mzima wa miaka sabini na kitu, aliniitikia shikamoo yangu kisha akaniambia kwa upole, "Mwanangu, wewe uliiuliza ngozi. Ungeiuliza hiyo kanga."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii.

NGOZI NZIMA, NGUO MBAYA

Kwanza tuelewane juu ya hali yenyewe. Wewe na mimi tukivaa nguo asubuhi, tunaisikia mwilini kwa dakika chache tu. Mishipa ya fahamu iliyo chini ya ngozi na kwenye mashina ya vinyweleo hupeleka habari kwenye ubongo, na ubongo ukiona kwamba habari ni ile ile huacha kuisikiliza. Ndiyo maana mtu anaweza kutafuta miwani huku ameivaa. Lakini wapo watu ambao ubongo wao hauachi kusikiliza. Lebo iliyo nyuma ya shingo saa moja asubuhi huikwaruza shingo ile ile saa sita mchana, kwa nguvu ile ile au zaidi. Mtu huyu hadanganyi wala hajidekezi.

Hali hii huonekana sana kwa watoto wenye usonji, ingawa si kwao peke yao. Mwaka 2013 madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, katika toleo la 5 la mwongozo wao wa kutambua magonjwa, waliingiza rasmi miongoni mwa dalili za usonji jambo hili la kusikia mguso, sauti au mwanga kupita kiasi, au kutousikia kama wengine. Profesa Temple Grandin, mama wa Kimarekani mwenye usonji anayefundisha elimu ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Kolorado, ameeleza kwamba sketi za ndani alizovishwa utotoni zilimchubua kama msasa. Hata alipokuwa mtu mzima aliendelea kuvaa nguo za ndani nje-ndani ili mishono isimguse, na kuzifua mpya mara nyingi kabla ya kuzivaa. Ikiwa profesa anafanya hivyo, mtoto wa darasa la tatu asiitwe mkaidi.

Kabla ya kwenda kwa fundi, lakini, hakikisha si ugonjwa wa ngozi. Upele huwasha zaidi usiku, hukaa katikati ya vidole na kwenye viwiko vya mikono, na mara nyingi nyumba nzima hujikuna. Ukurutu huacha ngozi kavu yenye magamba kwenye mikunjo ya viwiko na magoti, nguo ivaliwe au isivaliwe. Mtu mzima aliyepata mkanda wa jeshi anaweza kubaki na maumivu upande mmoja wa mwili ambayo hata shuka laini huyaamsha. Hao wote wanahitaji matibabu. Yule tunayemzungumzia leo ngozi yake ni nzima, shida huanza nguo inapovaliwa, na dakika chache baada ya kuivua ametulia. Ukiona hivyo, mgonjwa ni nguo.

TULIVYOIULIZA KANGA

Tulikaa barazani, bibi, mama na mimi, tukaweka mkekani kanga kuukuu upande mmoja na sare upande wa pili. Tukazipitisha mikononi, na zaidi ya mikononi, kwenye shavu na upande wa ndani wa mkono, kwa sababu viganja vya mama wa mwani vimekomaa na havisikii kitu. Kanga ilikuwa ya pamba, imefuliwa miaka na miaka hata ikawa nyembamba. Haikuwa na lebo, haikuwa na mshono ila pindo mbili zisizogusa shingo, haikubana popote. Mtoto aliifunga mwenyewe, akailegeza mwenyewe.

Blauzi ya dukani ilikuwa kinyume cha hayo yote. Kola ilitiwa ndani kitambaa kigumu kama karatasi ya boksi. Lebo ilikuwa ya nailoni, imekatwa kwa moto, na pembe zake zilikuwa kama ukucha. Lebo hiyo ilishonewa kwa uzi ule mweupe usioonekana vizuri, na bibi alipouvuta alicheka akasema, "Huu si uzi, huu ni mshipi wa kuvulia." Alisema kweli: ni nailoni ya uzi mmoja kama mshipi, na ncha yake ikikatwa huchoma kama mwiba wa samaki. Begani na kwapani kulikuwa na ovaloki nene. Nembo ya skuli kifuani ilitariziwa kwa mashine, na kwa ndani ilikuwa kama brashi. Ushungi ulikuwa wa kitambaa cha kuteleza kisichonyonya jasho, na kwenye duara ya uso fundi aliingiza lastiki. Nilipima duara ile bila kuivuta, nikapata sentimita 44. Uso wa mtoto, kutoka chini ya kidevu kupita paji la uso na kurudi, ulikuwa sentimita 50. Yaani kila siku alitakiwa kuvaa kitu kilichomkaba usoni kwa saa 5 katika joto.

Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni huu: usianze dukani. Anza na nguo ambayo mtu wako anaichagua mwenyewe, hata kama ni tambara. Iangalie ina nini na haina nini, kisha iige.

KITAMBAA

Watu wengi hudhani kwamba kitambaa laini ni kile kinachoteleza. Sivyo. Kitambaa cha tetroni huteleza kikiwa kikavu, lakini hakinyonyi jasho. Mtu akitoka jasho, ngozi hulowa na kulainika, kitambaa hugandama, na kila anapojigeuza hukokota ngozi badala ya kupita juu yake. Pamba hunywa jasho na kuliachia hewani. Kwa hali yetu ya pwani, pamba nyembamba iliyofumwa sawasawa ndiyo ya kwanza.

Taabu ni kwamba siku hizi jina la kitambaa si dhamana. Hata kanga nyingine si pamba tupu. Muuzaji akikuambia pamba, mwombe akupe nyuzi chache za ukingoni uende kuzijaribu. Zishike kwa kibanio juu ya beseni la maji, uziwashe kwa kiberiti, na watoto wakae mbali. Pamba huwaka upesi, hunuka kama karatasi iliyoungua, na huacha majivu laini yanayopeperuka. Tetroni hujikunja ikikimbia moto, huyeyuka, hutoa moshi mweusi, na ikipoa huacha punje ngumu usiyoweza kuivunja kwa vidole. Ukiona majivu na punje pamoja, ni mchanganyiko. Mchanganyiko wenye pamba nyingi si lazima uutupe, wapo wanaouvumilia. Lakini kwa mtoto aliyekwisha kuchana nguo mbili mimi sikutaka kubahatisha.

Mama alikwenda mjini, kwenye maduka ya Mchangani. Mara ya kwanza alirudi na bafta, nyeupe, nyembamba, laini, bei rahisi. Mimi nilifurahi. Bibi aliitazama akainuka. "Hiyo ni sanda. Mjukuu wangu hatavaa sanda akiwa hai." Sikuwa nimelifikiria, na nilijuta, kwani alikuwa na haki: bafta ndiyo tunayozikia watu. Nguo inayoleta huzuni nyumbani haitavaliwa hata ikiwa laini namna gani. Bafta ikawekwa, na safari ya pili akaleta poplini nyeupe ya pamba, mita 2, na kitambaa chepesi cha pamba cha buluu, mita moja na robo. Tulizichoma nyuzi zote mbili, zikaacha majivu tu.

Kitambaa kipya kina kanji. Usikikate siku hiyo hiyo. Kiloweke usiku kucha, kifue kwa sabuni ya kipande, kisuuze, ukianike, na urudie tena mara mbili. Kanji hutoka, nyuzi hulegea, na ile pamba inayotaka kujivuta hujivuta kabla haijawa nguo. Tuliyoinunua ilijivuta karibu vidole viwili katika kila mita. Hebu fikiri kama ingekuwa imeshonwa tayari.

MSHONO NA MKATO

Fundi cherahani wa hapo kijijini alikuwa mzee mshona kanzu, na hili lilikuwa bahati yetu kubwa. Nilipomweleza kwamba tunataka nguo isiyobana kwapani wala shingoni alinitazama kama mtu anayefundishwa kuogelea na asiyejua bahari. "Mama, si kanzu hiyo?" Naam, ni kanzu. Mkato wa kanzu ni wa zamani na ni wa busara: badani ya mbele na ya nyuma zilizonyooka, taharizi mbavuni za kuongeza upana, na kikwapa, kile kipande kidogo cha pembe nne kinachotiwa chini ya mkono. Kwenye blauzi ya dukani mishono minne hukutana kwapani mahali pamoja na kufanya fundo, na mkono ukiinuliwa nguo yote huvutwa juu. Kikwapa hutawanya ile mishono na kuupa mkono nafasi.

Kifua cha mtoto kilikuwa sentimita 62. Blauzi ya zamani ilikuwa na 68. Tulishona ya 78. Zaidi ya hapo ingekuwa gunia, na nguo pana mno nayo ina ubaya wake: hupepea, na mguso mwepesi unaokuja na kuondoka huwasumbua wengi wa watoto hawa kuliko mguso uliotulia. Nguo inayowafaa ni ile inayoning'inia kutoka mabegani ikatulia.

Kola tuliiondoa kabisa. Ushungi unafunika shingo na mabega, nani ataiona? Shingo ilikatwa duara, pana kuliko shingo ya mtoto kwa kidole kimoja kila upande, na mbele mpasuo mfupi wenye kifungo kimoja bapa, ili kichwa kipite bila kusukumwa. Ukingo ulifungwa kwa utepe wa poplini ile ile uliokatwa mshazari, na utepe huo uligeuziwa nje, si ndani kama ilivyo desturi. Mtu asiyejua atadhani ni urembo.

Juu ya mishono tulibishana kidogo. Fundi alitaka kupiga ovaloki, kwa kuwa ndiyo kazi safi. Nilimwomba aache, na badala yake afanye hivi: vipande viwili vishonwe, kingo zikiwa upande wa nje wa nguo, ukingo mmoja upunguzwe nusu, ule mrefu ukunjwe juu ya mfupi na kulazwa, kisha upigwe cherahani juu yake ukae bapa. Hapo kwa ndani hubaki mstari mmoja tu wa uzi, hakuna kingo. Alitumia uzi wa pamba na sindano namba 11, kwani sindano nene hutoboa matundu makubwa na kukunja kitambaa chembamba. Mafundo ya mwanzo na mwisho yote yalitolewa nje. Nembo ya skuli ilishonewa kwa mkono juu ya mfuko, mfuko ukiwa tayari umeshonwa kwenye blauzi bila kupenya, hivyo kati ya mgongo wa nembo na kifua kuna vitambaa viwili.

Ushungi ulipewa duara ya uso ya sentimita 54, bila lastiki. Ili usirudi nyuma, fundi alishona vitepe viwili vinavyofungwa kisogoni, kwa nje ya kitambaa. Urefu ulifika mpaka chini ya kifua, kwa sababu ushungi mfupi hupepea na kuvutika, lakini mrefu hulala kwa uzito wake mabegani. Staha ilibaki kamili, rangi ilibaki nyeupe, na mwalimu mkuu alipoonyeshwa alisema hakuona tofauti.

Sketi ndiyo iliyonifurahisha. Mtoto hakuvumilia kitu kiunoni, lastiki wala mkanda. Fundi alichukua fulana kuukuu ya pamba isiyo na mikono, akaikata chini ya mbavu, akaishonea sketi hapo. Uzito ukahamia mabegani na kiuno kikawa huru. Ikivaliwa ndani ya blauzi haionekani.

KUHUSU LEBO NA NGUO ZA MITUMBA

Si kila mtu ana fundi wa namna hii, na nguo nyingi za nyumbani tunazipata mitumbani. Huko msizidharau fulana za pamba zilizokwisha kuchakaa kidogo: zimefuliwa mara nyingi na mtu mwingine kabla yako. Isome lebo kwanza kabla hujaitoa, ujue kitambaa ni nini. Nyingine zimechapwa maandishi kwenye kitambaa chenyewe nyuma ya shingo, na hizo ni bora. Angalia pia ubavuni kwa ndani, kuna lebo ya pili ambayo watu huisahau, na mtoto akijikuna kiunoni tunashangaa.

Msikate lebo kwa mkasi. Hili ni kosa ambalo nililifanya mwenyewe kwa miaka mingi. Mkasi huacha kisiki cha milimita chache, kigumu na kifupi, nacho huchoma kuliko lebo nzima iliyokuwa imelala. Fumua mshono uzi mmoja mmoja kwa ncha ya wembe, upande wa lebo, si upande wa nguo. Mara nyingine uzi ulioshika lebo ndio huo huo ulioshika shingo ya nguo, na ukiufumua shingo itafunguka. Hapo rudishia kwa mkono, uzi wa pamba, mishono midogo. Ukimaliza pitisha kidole, halafu shavu. Kama kuna kinachokwaruza hata kidogo, hujamaliza.

Na fulana ikiwa nzuri lakini mishono yake ni minene, ivae nje-ndani nyumbani. Soksi vilevile. Hakuna sheria inayokataza.

KUFUA

Jambo hili nililigundua kwa kuchelewa. Wiki mbili baada ya nguo mpya, mama alituma salamu kwamba mtoto ameanza tena kuvuta shingo. Nilipofika niliishika blauzi, ikawa imekakamaa kama ya dukani. Nikauliza imefuliwa kwa nini. Kwa maji ya kisima.

Ardhi ya mwambao ule ni jiwe la matumbawe, na maji ya visima vyake vingi yana chokaa, na mengine chumvi pia. Sabuni ikikutana na chokaa haitoi povu. Hufanya utando mweupe unaoshika kwenye nyuzi, na ukikauka nguo hukakamaa. Chumvi nayo hubaki kitambaani, mchana hukauka ikawa kama mchanga mwembamba, usiku huvuta unyevu. Dalili ya kwanza ni povu: ukisugua sabuni na povu halishiki, maji hayo si ya kusuuzia nguo hii.

Tulikubaliana kwamba nguo zifuliwe kwa kisima ikibidi, lakini suuzo mbili za mwisho ziwe za maji ya mvua yaliyokingwa au maji ya bomba yanapotoka. Ndoo moja yatosha kwa sare moja. Sabuni ya unga ipunguzwe, kwa sababu watu hudhani nyingi ndiyo safi, kumbe inayobaki kitambaani ndiyo inayowasha. Wanga wa kunyooshea usitumike. Nguo ianikwe kivulini penye upepo, na ikikauka ikung'utwe na kufikichwa mikononi kabla ya pasi. Na isitundikwe kamba moja na nguo za mwani.

KUZOEZA

Nguo mpya, hata nzuri, haivaliwi kwa mara ya kwanza asubuhi ya skuli. Tulianza jioni baada ya kuoga, mwili ukiwa mkavu na umepoa, mtoto akiwa anapanga makombe yake, mchezo aupendao. Siku ya kwanza robo saa, blauzi peke yake. Alipoomba kuivua, ilivuliwa bila neno. Mtoto akijua kwamba nguo inatoka akitaka, hana haja ya kuipasua. Siku ya nne nusu saa. Sketi ikafuata, ushungi mwisho.

Mtoto huyu huzungumza kidogo, kwa hiyo tulimsoma kwa mwili. Mabega yakipanda, ni shingo. Mikono ikikaa mbali na mbavu, ni kwapa. Akitembea kwa kunyata, ni soksi au nguo ya ndani. Ukiona dalili, usiseme "vumilia kidogo". Mvue, igeuze nguo, upatafute mahali penyewe kwa kidole.

Siyo kila kitu kilifanikiwa. Soksi alizikataa kila namna, za pamba, za nje-ndani, zilizofuliwa mara ishirini. Mwishowe mwalimu mkuu aliruhusu makubazi ya ngozi, na suala likaisha hapo. Wala nguo haikubadili mengine: bado huziba masikio kinu kikitwanga, na bado maneno yake ni machache. Tuliwashauri wazazi wampeleke Hospitali ya Mnazi Mmoja mjini aangaliwe, na baba, ambaye bakora aliiweka chini bila kutangaza, ndiye aliyempeleka. Lakini nguo haikungoja jibu la daktari, wala haikuhitaji kungoja. Baada ya wiki tano za mazoezi alianza kwenda skuli saa mbili kwa siku, na mwezi uliofuata alikaa mpaka kengele ya mwisho.

Nilipita tena Uroa Januari 2024. Mama alinionyesha sare mbili zinazofanana, moja mwilini na moja kambani, kwa maana ukiwa na moja tu siku ya mvua hakuna skuli. Mtoto alikuwa amerefuka na blauzi ilianza kumvuta kwapani. Fundi alikwisha kukata nyingine kwa kipimo kipya, naye bibi alikuwa ameiloweka kwenye beseni la maji ya mvua, akaniambia ni mara ya tatu, bado moja.